Mikutano Minne, Vyumba Vingapi?

Ofisi moja ina mikutano minne asubuhi. Wa kwanza ni saa 3 hadi saa 5, wa pili saa 4 hadi saa 6, wa tatu saa 4:30 hadi saa 5:30, na wa nne saa 5 hadi saa 7 mchana. Je, vitahitajika vyumba vingapi?

Usianze kugawa vyumba. Panga nyakati zote, za kuanza na za kumalizika, kwa mfuatano. Mkutano ukianza, ongeza moja. Ukimalizika, punguza moja. Saa 3 unapata 1, saa 4 unapata 2, na saa 4:30 unapata 3. Saa 5 mkutano mmoja unatoka na mwingine unaingia, hivyo hesabu inashuka hadi 2 kisha inarudi 3. Baada ya hapo inapungua hadi 0 saa 7. Kilele ni 3, basi vyumba vitatu vinahitajika. Tena vinatosha, kwa kuwa kila mkutano unapoanza, inayoendelea haizidi miwili.

Kosa la kawaida hutokea hapo saa 5. Ukihesabu wanaoingia kabla ya wanaotoka, utapata 4 na kutafuta chumba kisichohitajika. Lakini kama chumba hufagiliwa kwa dakika kumi, ongeza dakika hizo kwenye mwisho wa kila mkutano; hapo 4 ndilo jibu sahihi.

Hesabu hiyohiyo huunganisha mikutano inayopishana: kuanzia saa 3 haikugusa 0 mpaka saa 7, hivyo hicho ni kipindi kimoja kisicho na mwanya.