Kandambili za Bibi na Sakafu ya Vigae

Nyumba nyingi za mjini siku hizi zina vigae vinavyong'aa, kuanzia sebuleni mpaka bafuni. Wazee wanaoishi humo wanaendelea kuvaa kandambili, na maji kidogo tu yakimwagika, mzee huenda chini.

Tunapotembea, kisigino ndicho kinachotangulia kutua, na utelezi mwingi huanzia hapo, uzito unapokiangukia kabla soli haijashika sakafu. Kandambili haikishiki kisigino. Ili isimvuke, mzee hukunja vidole akabana mkanda, kisha huburuza nyayo badala ya kuziinua. Ndiyo maana ncha ya kandambili hunasa kwenye ukingo wa mkeka au kwenye kizingiti. Mguu ukiwa umelowa, hata kwa maji ya udhu tu, nyayo huteleza juu ya kandambili yenyewe.

Kuivua na kutembea peku si dawa. Tafiti zilizofuatilia wazee zimeonyesha kwamba wanaotembea peku au na soksi tupu ndani ya nyumba huanguka zaidi kuliko wanaovaa viatu. Kwa kuwa kwetu viatu vya nje huachwa mlangoni, na ni desturi njema, mzee anahitaji jozi yake ya ndani isiyotoka nje kabisa.

Jozi hiyo hainunuliwi kwa kukisia. Tuseme bibi ana miaka 74 na huvaa kandambili za mjukuu kwa sababu viatu vyake vyote vinambana. Mpime jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Asimame juu ya karatasi, uchore kuzunguka kila mguu ukiwa umeinyoosha penseli wima. Wa kushoto unatoka sentimita 24, wa kulia 24.5. Fuata ule mkubwa, uongeze sentimita moja ya nafasi mbele ya vidole: kiatu kiwe na sentimita 25.5 kwa ndani. Kisha kata mchoro huo uende nao dukani. Uingize ndani ya kiatu; ukijikunja pembeni, kiatu ni chembamba hata kama namba yake ni sahihi. Kwa wazee wengi tatizo ni upana, kwani mguu hutanuka kadiri umri unavyosonga, lakini wao huendelea kuitisha namba ya ujanani.

Ukishika kiatu mkononi, bonyeza sehemu ya nyuma kwa kidole gumba. Ikibonyea kirahisi, haitakituliza kisigino. Kikunje: kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia, si katikati. Soli iwe ya mpira wenye mifereji, maana maji yakikosa pa kupita hubaki kama utando kati ya soli na kigae. Kisigino kiwe kipana, kisizidi sentimita 2.5. Watu wengi humnunulia mzazi viatu vya sponji nene wakidhani wanamhurumia, lakini sponji hiyo huifanya nyayo isitambue vizuri sakafu ilivyo, na mwili huchelewa kujirekebisha unapoyumba. Soli ngumu kiasi, isiyo nene, ndiyo bora.

Kwa viatu vya mitumba, geuza soli kwanza. Kama mifereji imefutika kisigino, au upande mmoja umelika, rudisha. Mzee asiyetaka viatu vya kufunika anaweza kuvaa sandali za ngozi au katambuga, mradi fundi azishonee mkanda wa nyuma. Hiyo ni kazi ndogo kwa fundi.

Kiatu kizuri hakimrudishii mtu uthabiti aliokwisha kuupoteza. Mpime hivi: asimame karibu na meza imara, nawe ukiwa kando yake, aweke mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Akishindwa kukaa hivyo sekunde 10 bila kushika kitu, yumo hatarini kuanguka. Misuli ya mapaja na ya mashavu ya miguu hujengeka kwa kuinuka kitini mara kadhaa bila kusukuma kwa mikono, na kwa kunyanyua visigino huku ameshika meza, kila siku.

Nyumbani, anza na njia ya kutoka kitandani hadi chooni, kwa sababu huipita usiku akiwa na usingizi. Weka taa anayoweza kuiwasha kabla hajasimama, na viatu viwe pale miguu inapotua. Ondoa mkeka uliopinda ukingo na waya unaokatiza. Bafuni, sugua povu la sabuni mpaka liishe, ufunge chuma cha kushikia ukutani; ndoo si ya kuegemea. Kanga iishie juu ya kifundo cha mguu.

Anayetumia dawa za presha akae ukingoni mwa kitanda kidogo kabla ya kuinuka. Akipata kizunguzungu kila anaposimama, apelekwe kliniki, dawa zake ziangaliwe upya. Mwenye kisukari anaweza kuwa na ganzi miguuni asijue, hivyo mkono upite ndani ya kiatu kila mara kabla ya kukivaa, kutafuta kijiwe au mshono uliotokeza.