Bi Airtelabu: jina la kampuni linapobadilishwa kwa mkupuo

Mwaka 2008 wateja wa Celtel Tanzania, Kenya na Uganda waliambiwa kwamba kampuni yao ya simu sasa inaitwa Zain. Kabla wino haujakauka, mwaka 2010, kampuni ya Bharti Airtel ya India ikanunua biashara ya Zain katika nchi 15 za Afrika kwa dola bilioni 10.7, na mabango yakapakwa rangi upya: Airtel. Kubadilisha bango ni kazi ya fundi na ngazi. Kubadilisha jina ndani ya mafaili, kuanzia mikataba, orodha za mawakala, matangazo hadi barua, ni kazi ya mtu aliyeketi mbele ya kompyuta, ambaye kwa kawaida huandika jina la zamani kwenye kisanduku kimoja, jina jipya kwenye kingine, kisha akabonyeza kitufe cha kubadilisha yote.

Hapo ndipo Bi Zainabu anapoamka asubuhi akiitwa Bi Airtelabu.

Kisa hiki hakichekeshi mtu aliyekwisha kukipata. Ili kuona kinatokea vipi, tuchukue tangazo dogo la kubuni, la mistari sita, lenye mambo yote yanayopatikana katika faili la kweli:

```
Huduma za Zain zinapatikana katika kila mkoa.
OFA YA ZAIN: PIGA SIMU USIKU KUCHA
Maelezo zaidi: www.zain.com
Dizaini ya bango hili ni ya Bi Zainabu.
Makao makuu ya Zain yako Kuwait.
Mawakala wa zAIN wafike saa tatu asubuhi.
```

Jina ni moja, lakini limevaa nguo nne. Katika sentensi limeandikwa Zain. Katika kichwa cha habari, ambako kila kitu kimepigwa herufi kubwa, ni ZAIN. Katika anwani ya tovuti ni zain. Na mstari wa mwisho una zAIN, kosa linalofahamika na kila mchapaji: kitufe cha Caps Lock kilikuwa kimewashwa bila yeye kujua, akabonyeza Shift ili apate herufi kubwa ya kwanza, na kompyuta ikampa kinyume.

Sisi wasomaji tunaona jina moja. Kompyuta haioni hivyo. Ndani yake kila herufi ni namba, na herufi kubwa ina namba yake tofauti na ndogo: Z ni 90, z ni 122. Kwa hiyo Zain na ZAIN ni maneno mawili yasiyohusiana, mpaka mtu aiambie kompyuta ipuuze tofauti hiyo. Programu nyingi za ofisini huipuuza zenyewe tangu mwanzo. Ukitaka ziijali, lazima uweke alama kwenye kisanduku kilichoandikwa Match case.

Sasa tufanye kosa la kwanza kwa makusudi. Tunaacha Match case wazi, tunaandika zain kwenda Airtel, tunabadilisha yote. Katika programu inayoweka neno jipya kama lilivyoandikwa, kama Excel inavyofanya, mstari wa kwanza unatoka vizuri. Wa pili unakuwa OFA YA Airtel, neno moja limejikunyata katikati ya herufi kubwa. Na wa nne unasomeka hivi: DiAirteli ya bango hili ni ya Bi Airtelabu. Maana zain imejificha ndani ya Zainabu, jina la nusu ya mabinti wa pwani, na pia ndani ya dizaini, neno tulilolikopa na kuliandika kwa tahajia yetu. Hakuna aliyekumbuka kuyatafuta humo.

Word ina adabu zaidi kidogo. Ukiacha Match case wazi, huangalia neno lililopatikana lilivyovaa na kulivika jipya vivyo hivyo: ZAIN inageuka AIRTEL, Zain inageuka Airtel. Ili adabu hiyo ifanye kazi vizuri, andika jina jipya kwa herufi ndogo tupu, airtel, kwa sababu herufi kubwa uliyoiweka mwenyewe haitaishusha. Ni msaada mkubwa kwa vichwa vya habari. Lakini Bi Zainabu haumsaidii hata chembe. Kwa utaratibu uleule anageuka Airtelabu mwenye herufi kubwa safi ya mwanzo, na kwa hiyo ni vigumu zaidi kumwona.

Basi mtu hugeukia upande wa pili: anaweka alama kwenye Match case na kutafuta Zain kamili. Dizaini imepona, kwa sababu z yake ni ndogo. Lakini Zainabu huanza na herufi kubwa kama jina la kampuni, kwa hiyo bado anakamatwa. Wakati huohuo ZAIN ya kichwani na zAIN ya mawakala zimebaki kama zilivyokuwa. Faili sasa lina majina mawili ya kampuni moja, na mteja anayelisoma hajui kama anazungumza na kampuni ya zamani au mpya.

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba suala ni kuchagua kati ya njia hizi mbili: kujali ukubwa wa herufi au kutoujali. Kila moja ina kazi yake, na zinafuatana. Njia isiyojali ni ya kutafuta. Njia inayojali ni ya kubadilisha. Unaanza kwa wavu wa matundu madogo ili ujue ziwa lina samaki gani, kisha unamvua kila mmoja kwa ndoana yake.

Kutafuta maana yake ni kuhesabu. Katika tangazo letu, ukitafuta zain bila kujali ukubwa wa herufi, utapata mara 7. Sasa weka Match case na uhesabu kila vazi peke yake. Zain inapatikana mara 3, mmoja wao akiwa Zainabu. ZAIN mara 1. Na zain mara 2, moja ikiwa ndani ya Dizaini. Jumla ni 6. Saba kwa sita: moja haijulikani iliko. Tofauti hiyo ndiyo inayokuambia kwamba kuna vazi la nne ambalo hukulifikiria, na ukilifuatilia utaikuta zAIN ya Caps Lock. Bila hesabu hii isingeonekana hadi tangazo litoke kiwandani.

Mwenye faili kubwa na kompyuta ya Linux au Mac anaweza kupewa hesabu yote kwa amri moja:

```
grep -io 'zain' tangazo.txt | sort | uniq -c
```

Herufi i inaiambia isijali ukubwa, o inaiambia itoe neno lilelile lilivyoandikwa, na mwisho inapanga na kuhesabu kila vazi.

Baada ya hesabu, kuna kisanduku cha pili cha kukumbuka: neno zima. Katika Word kimeandikwa Find whole words only. Ukikiweka, kompyuta inakubali tu zain iliyosimama peke yake, isiyoshikana na herufi nyingine mbele wala nyuma. Zainabu na Dizaini wanatoka mtegoni, na hesabu yetu inashuka kutoka 7 hadi 5. Excel haina kisanduku hiki. Ina Match entire cell contents, ambacho hudai kisanduku chote cha jedwali kiwe na neno hilo pekee, jambo lisilosaidia penye sentensi nzima.

Hata neno zima lina mipaka yake. Kwa programu nyingi, nukta si herufi, kwa hiyo katika www.zain.com neno zain limesimama peke yake na litakamatwa. Hapo usitegemee bahati. Ukubwa wa herufi katika jina la tovuti haubadilishi kitu, www.Airtel.com na www.airtel.com hufika mahali pamoja, ila swali si herufi: je, ukurasa unaoutaka upo kwenye anwani hiyo mpya? Anwani huulizwa kwa mwenyewe na kuandikwa kwa mkono.

Na mstari wa tano hauna kisanduku chochote cha kuuokoa. Makao makuu ya Zain yako Kuwait, na yalibaki Kuwait baada ya mauzo. Kampuni iliuza biashara zake katika nchi hizo 15 za Afrika, haikufa. Mstari huo haupaswi kuguswa. Hivyo hivyo sentensi ya historia, kwa mfano kwamba mwaka 2008 Celtel ikawa Zain: ukiibadilisha inakuwa uongo. Kompyuta hulinganisha herufi, haijui habari inayosimuliwa.

Dawa ya hapa ni ya zamani na haina gharama. Kabla ya kubadilisha, wafiche wasiotakiwa kuguswa. Badilisha Zain yako Kuwait kuwa QQ1QQ, na kama unatumia Excel, Zainabu kuwa QQ2QQ na Dizaini kuwa QQ3QQ. Kiswahili hakina Q, kwa hiyo alama hizo haziwezi kugongana na neno lolote la tangazo. Kisha pita mara moja kwa kila vazi, ukiwa umeweka Match case, na katika Word Find whole words only pia: Zain kuwa Airtel, ZAIN kuwa AIRTEL, zAIN kuwa Airtel. Anwani iandike mwenyewe. Mwisho warudishe waliofichwa:

```
Huduma za Airtel zinapatikana katika kila mkoa.
OFA YA AIRTEL: PIGA SIMU USIKU KUCHA
Maelezo zaidi: www.airtel.com
Dizaini ya bango hili ni ya Bi Zainabu.
Makao makuu ya Zain yako Kuwait.
Mawakala wa Airtel wafike saa tatu asubuhi.
```

Hesabu tena bila kujali ukubwa wa herufi. Zain zinazobaki ziwe tatu, na zote uwe unazijua kwa majina: Dizaini, Zainabu na Kuwait. Tafuta pia QQ. Ikipatikana hata moja, umesahau kumrudisha mtu.

Yote haya yafanyike kwenye nakala, si kwenye faili lenyewe. Wengi hudhani wakikosea watageuza tu kibao, Airtel iwe Zain tena. Njia hiyo haina kurudi. Vazi nne zikishageuzwa kuwa moja, hakuna alama inayoonyesha ipi ilikuwa ZAIN na ipi ilikuwa zain. Na kama faili tayari lilikuwa na sentensi kuhusu Airtel ya India, wakati wa kurudi nayo itageuka Zain.

Ukipokea faili lililokwisha kuharibiwa na mwenzako, usitafute jina la zamani. Tafuta jipya, bila kujali ukubwa wa herufi, na uangalie yale tu yaliyoshikana na herufi nyingine. Katika Kiswahili hakuna neno lenye airtel ndani yake. Ukiliona limebanwa katikati ya herufi, basi kuna Zainabu hapo anayesubiri jina lake.