Mbegu za Baba Nazo Huzeeka

Ng'ombe hazeeki maini, husema wanaume wakimwona mwenzao wa miaka 60 amempakata mtoto wake mchanga. Kwa upande mmoja hawakosei. Mwanamke huzaliwa akiwa na akiba yote ya mayai yake, na akiba hiyo ikikaribia kwisha hedhi hukoma. Mwanaume hana ukomo wa namna hiyo. Tangu balehe hadi uzeeni, korodani zake huendelea kutengeneza mbegu mpya kila siku. Ila kazi hiyo isiyo na likizo ndiyo inayofanya umri wa baba uwe na uzito katika afya ya mtoto.

Ndani ya korodani kuna seli mama zinazogawanyika takriban kila baada ya siku 16. Katika mgawanyiko huo baadhi hubaki kuwa seli mama, na nyingine huanza safari ya kuwa mbegu, safari inayochukua kama siku 74. Kabla ya kila mgawanyiko, seli hulazimika kunakili maelekezo yote ya urithi, ambayo yameandikwa kwa mabilioni ya herufi za kikemia. Mbegu ya kijana wa miaka 20 imetokana na seli iliyokwisha kunakiliwa takriban mara 150. Baba akifika miaka 40, hesabu hiyo imepita 600. Ni kama karatasi inayotolewa kopi, kisha kopi ikatolewa kopi nyingine, miaka nenda miaka rudi: mashine ni makini, lakini doa lililoingia mara moja hubaki katika nakala zote zinazofuata.

Mwaka 2012 watafiti wa Aisilandi waliyahesabu madoa hayo. Walisoma vinasaba vya familia 78, yaani baba, mama na mtoto, wakatafuta herufi alizonazo mtoto lakini wazazi wake hawana. Baba wa miaka 20 alimrithisha mtoto mabadiliko mapya 25 hivi, na baba wa miaka 40 yapata 65. Kila mwaka wa umri wa baba uliongeza takriban mabadiliko mawili. Mama alichangia kama 15, na utafiti mkubwa zaidi uliofuata ulionyesha kwamba mchango wake pia hupanda kwa umri, ila polepole zaidi.

Sitini na tano si idadi ya kutisha ukiitazama vizuri. Sehemu inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini ni asilimia moja hadi mbili tu ya vinasaba vyote. Kwa hiyo, kati ya mabadiliko hayo 65, huenda moja tu likaangukia humo, na hata hilo mara nyingi halina madhara. Taabu huja pale badiliko linapoangukia herufi ambayo nakala moja mbovu inatosha kuleta ugonjwa, hata kama nakala ya mzazi mwingine ni nzima.

Mfano unaojulikana zaidi ni akondroplasia, hali inayozuia mifupa mirefu ya mikono na miguu kukua na kumfanya mtu awe na kimo kifupi. Mwaka 1912 daktari wa Kijerumani, Wilhelm Weinberg, aligundua kwamba watoto wenye hali hii aghalabu walikuwa wa mwisho kuzaliwa katika familia zao. Mwaka 1955 Lionel Penrose wa Uingereza alionyesha kuwa kinachohusika ni umri wa baba. Mwaka 1994 badiliko lenyewe likapatikana: herufi moja katika jeni iitwayo FGFR3. Miaka minne baadaye watafiti walichunguza watoto 40 wenye badiliko jipya la aina hii, na katika wote 40 lilikuwa limetoka kwa baba.

Jambo hilo linafaa kujulikana majumbani, maana takriban watoto wanne kati ya watano wenye akondroplasia huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida, na mara nyingi lawama humwangukia mama. Halafu kuna ajabu nyingine. Badiliko hili na jamaa zake hutokea mara nyingi kuliko makosa ya kunakili peke yake yanavyoweza kueleza. Uchunguzi wa korodani umeonyesha sababu: badiliko huipa seli mama nguvu ya kuongezeka kuliko wenzake, hivyo kadiri miaka inavyopita uzao wake hutwaa eneo kubwa zaidi na kutoa mbegu nyingi zaidi.

Sasa tuwachukue mume wa miaka 52 na mke wa miaka 31 ambao wamejaribu kupata mtoto kwa mwaka mzima bila mafanikio. Wote wawili wanapaswa kupimwa. Mume huambiwa akae siku mbili hadi saba bila kutoa shahawa, kisha sampuli ifikishwe maabara ndani ya saa moja. Maabara hulinganisha majibu na viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021, ambavyo kima chake cha chini ni mililita 1.4 za shahawa, mbegu milioni 39 kwa jumla, na asilimia 42 ziwe zinatembea. Kwa umri wake, kinachopungua hasa ni ujazo wa shahawa na mwendo wa mbegu. Idadi yenyewe inaweza isishuke sana. Mimba huchelewa zaidi, na hatari ya kuharibika nayo hupanda kiasi. Daktari atauliza pia kuhusu kisukari, dawa anazotumia na nguvu za kiume, kwa sababu mambo haya huja na umri na baadhi yanatibika. Majibu yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi, muda wa mbegu mpya kukomaa.

Kipimo hicho hakionyeshi mabadiliko ya vinasaba. Mbegu inayotembea vizuri inaweza kubeba badiliko la FGFR3. Hatari yenyewe hata hivyo ni ndogo. Akondroplasia hutokea kwa takriban mtoto mmoja kati ya 25,000. Tuseme kwa baba huyu imeongezeka mara tano: ni mmoja kati ya 5,000. Ukijumlisha magonjwa yote ya aina hii, makadirio yanayotumiwa kwa baba aliyevuka miaka 40 hayazidi asilimia 0.5. Mke akishika mimba, asidhani ultrasaundi ya wiki ya 20 imemaliza jambo, kwani ufupi wa mfupa wa paja kwa kawaida hujitokeza baada ya wiki ya 24.

Umri wa baba usibebeshwe kila kitu. Hatari ya ugonjwa wa Daun hufuata zaidi umri wa mama. Usonji na skizofrenia vimeonekana zaidi kwa watoto wa baba wenye umri mkubwa, lakini sehemu ya uhusiano huo huenda inatokana na tabia za kurithi zinazowafanya baadhi ya wanaume wachelewe kuoa. Selimundu, inayowapata watoto wengi Tanzania, Uganda na Kongo, haihusiani kabisa na miaka ya baba. Ikiwa mume na mke wote wamebeba jeni yake, kila mimba ina uwezekano wa mtoto mmoja kati ya wanne kuugua, baba awe na miaka 25 au 52. Kwa wanandoa wetu, kipimo cha damu cha selimundu kwa wote wawili kabla ya mimba kitawaambia mengi kuliko mwaka aliozaliwa mume.