Kuku wa mistari jikoni: Siri iko kwenye joto la kikaango, si kwenye moto mkali

Mvua ya jioni inaponyesha Kasongo au Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, kuchoma nyama uani kunakuwa kazi ngumu. Jiko la makaa huingizwa ndani, na hapo kikaango cha chuma chenye matuta huweza kufanya kazi ya wavu. Kinampa kuku mistari ya kahawia na ladha ya kuchomwa, bila mafuta ya nyama kudondokea motoni na kujaza nyumba moshi.

Lakini wengi wanaokijaribu mara ya kwanza huishia na nyama iliyochemka na kunata chuma. Sababu ni moja: kikaango hakikupata joto kabla ya nyama kuwekwa.

Chuma kizito hupata moto polepole. Subiri makaa yashike vizuri na kufunikwa na jivu jeupe, kisha weka kikaango kitupu kwa dakika saba au nane. Dondosha tone la maji juu yake. Likitulia na kutoa mapovu taratibu, bado. Likiruka na kukauka papo hapo, kiko tayari. Hata hivyo, kikaango chenye rangi ya kuzuia kunata kisiachwe motoni kitupu, kwa kuwa rangi hiyo huharibika kwa joto kubwa.

Kukata na kukausha

Kuku wa kijijini ana nyama ngumu kuliko kuku wa kufugwa kizimbani. Mapaja ya kuku mzee yanafaa zaidi chunguni, lakini kidari chake kinaweza kukaa kikaangoni kikikatwa vizuri. Tazama nyuzi za nyama zinakoelekea, kisha kata ukizikinga, vipande vya unene wa sentimita moja na nusu. Nyuzi fupi hutafunika kwa urahisi.

Futa kila kipande kwa kitambaa safi hadi kikauke. Nyama haiwezi kupata rangi ya kahawia ikiwa juu yake kuna maji, kwa kuwa maji huishia nyuzi joto 100, na rangi hiyo huanza kutokea karibu na 140. Tia chumvi, kitunguu saumu na mafuta kidogo ya karanga. Mafuta hupakwa kwenye nyama, si kwenye kikaango, la sivyo hukusanyika kwenye mifereji na kutoa moshi.

Mboga zitangulie

Anza na mboga, ili maji ya kuku mbichi yasizifikie. Bilinganya hukatwa vipande vya sentimita moja, hunyunyiziwa chumvi kwa robo saa, kisha hufutwa maji. Kila upande unahitaji dakika tatu hadi nne. Vitunguu vya duara huchukua muda kama huo, na pilipili hoho pungufu kidogo. Sombe haimo katika orodha hii: majani ya muhogo lazima yatwangwe na kuchemshwa muda mrefu, kwa sababu ya sumu iliyomo.

Mboga zikitoka, pepea makaa na uache kikaango kirudishe joto kwa dakika mbili. Panga vipande vya kuku vikiwa mbalimbali. Vikibanana, mvuke wake hauna pa kutokea na nyama inachemka.

Sasa usiviguse kwa dakika tatu. Ukijaribu kuinua kipande nacho kikang'ang'ania, bado hakijaiva upande huo. Mstari ukikamilika, nyama huachia yenyewe. Geuza mara moja, ngoja dakika mbili hadi tatu. Usikandamize kwa kijiko, maana utomvu utatiririka kwenye mifereji. Anayetaka miraba, azungushe kila kipande kidogo kabla ya kukigeuza.

Mstari si ushahidi

Mistari mizuri haithibitishi kwamba nyama imeiva. Huonyesha tu kwamba matuta yalikuwa na moto. Kata kipande kinene zaidi: ndani pawe peupe kote, na maji yawe maangavu, bila wekundu. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 74. Mistari ikiwa kahawia lakini ndani bado, ondoa makaa machache na uiache dakika moja au mbili. Ikiwa myeusi na michungu, makaa yalikuwa mengi mno.

Hatari kubwa zaidi haionekani. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua kwenye chumba kilichofungwa. Fungua mlango na dirisha wakati wote, hata mvua ikinyesha. Mpishi akipata maumivu ya kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, atoke nje mara moja pamoja na wote waliomo. Na chakula kikiisha kuiva, jiko litolewe nje: makaa yanayofifia bado hutoa gesi hiyo, hata baada ya moshi kuisha.