Meseji 12,000, Dakika Kumi

Tuchukue mfano wa SACCOS yenye wanachama 12,000. Mwenyekiti ameng'atuka na kila mwanachama lazima aarifiwe kuhusu mkutano wa uchaguzi. Kampuni inayowauzia huduma ya meseji imewawekea kikomo cha meseji 20 kwa sekunde. Gawanya 12,000 kwa 20 upate sekunde 600, yaani dakika kumi. Muda huo haupunguzwi kwa ujanja wowote.

Programu iliyoandikwa kwa haraka huzimwaga zote kwa mpigo. Seva ya upande wa pili hupokea chache, na zilizobaki huzirudisha na namba 429, maana yake umezidisha maombi. Meseji hizo hazina ubaya wowote, ila umeambiwa usubiri, na mara nyingi jibu huja na mstari kama huu:

```
Retry-After: 30
```

Programu isiyosoma mstari huo hujaribu tena papo hapo, tena na tena, mpaka akaunti inafungiwa.

Dawa yake ni foleni. Kila meseji huandikwa kwanza kwenye hifadhidata pamoja na hali yake: inasubiri, inatumwa, imepokelewa au imekataliwa. Kisha programu huzichota kidogokidogo, tuseme 18 kwa sekunde, ili ibaki nafasi ya kupumua. Ikipata 429 bila kuambiwa muda wa kusubiri, hungoja sekunde moja, halafu mbili, nne, nane. Namba ya simu iliyokosewa hairudiwi kabisa. Huwekwa kando ili karani aisahihishe.

Kinachosumbua zaidi ni ukimya. Umetuma, mtandao umekatika, jibu halikurudi. Je, meseji imefika? Ukirudia kichwakichwa, mwanachama atapata tangazo lilelile mara tatu. Ndiyo maana kila meseji hupewa namba yake ya kumbukumbu, isiyobadilika hata ikirudiwa, ili mtoa huduma anayeikagua aitambue na kuiacha.

Kuna mtego mwingine unaowapata hasa waandishi wa Kiswahili. SMS moja hubeba herufi 160 za kawaida. Lakini ukinakili tangazo kutoka programu ya kuandikia, alama iliyo katika "ameng'atuka" yaweza kuja ikiwa imepinda, na alama hiyo haimo kwenye orodha ya kawaida ya SMS. Hapo ujumbe wote hubadilishiwa mfumo, na nafasi hushuka hadi herufi 70. Tangazo la herufi 150 hukatwa vipande vitatu. Vipande vinakuwa 36,000, gharama mara tatu, na kikomo kikihesabiwa kwa vipande, zile dakika kumi zinakuwa thelathini.

Ikiwa mfumo huohuo hutuma namba za siri za kuingilia kwenye akaunti, zipewe foleni yake na sehemu yake ya kikomo. Mwanachama anayetaka kutoa pesa ya hospitali asisubirishwe nyuma ya tangazo la mkutano.