Jahazi la mchana kwenye bahari ya jioni

Ukikata jahazi kwenye picha iliyopigwa saa saba mchana ukalibandika kwenye picha ya bahari wakati wa magharibi, kinachokusaliti mara nyingi si jahazi lenyewe. Ni maji uliyolikata nayo. Yanabaki kama kiraka chenye ukingo mkali, kimeng'aa katikati ya maji yenye kiza. Wengi hujaribu kuufifisha ukingo huo, lakini mstari hugeuka tu kuwa ukungu wa mwanga na kiraka kinabaki palepale.

Mwaka 2003 watafiti watatu wa Microsoft nchini Uingereza, Patrick Pérez, Michel Gangnet na Andrew Blake, walionyesha njia nyingine inayotumia mlinganyo wa Poisson, mwanahisabati Mfaransa aliyefariki mwaka 1840. Wazo lao ni hili: usihamishe mwangaza wa jahazi, hamisha tofauti za mwangaza kati ya pikseli na jirani yake. Tofauti hizo ndizo zinazochora tanga, mlingoti na viwimbi vya maji. Mwangaza wa kuanzia unauchukua kwenye picha ya jioni, pale kipande kinapopakana nayo.

Tuone kwa mstari mmoja wa pikseli sita, ambapo 0 ni nyeusi kabisa na 255 ni nyeupe kabisa. Kwenye picha ya mchana mstari unasomeka 150, 152, 120, 118, 150, 150. Hapo kati, 120 na 118 ni ubavu wa jahazi, na pembeni ni maji. Tofauti kutoka pikseli moja hadi nyingine ni +2, −32, −2, +32 na 0. Sasa bahari ya jioni inadai pikseli ya kwanza iwe 60 na ya mwisho iwe 80. Tofauti za mchana zikijumlishwa ni 0, ilhali kutoka 60 hadi 80 tunahitaji 20. Pengo hilo tunaligawa sawasawa kwenye hatua tano, 4 kwa kila hatua, na tunapata 60, 66, 38, 40, 76, 80. Ncha zote mbili zinalingana na bahari ya jioni, na ubavu wa jahazi bado unaonekana wazi.

Angalia kilichopunguzwa: 90 kwenye pikseli ya kwanza, kisha 86, 82, 78, 74, hadi 70. Kosa lililokuwa limerundikana kwenye mshono limetandazwa taratibu ndani ya kipande kizima. Jicho letu hushtuka haraka mwangaza unaporuka ghafla, lakini badiliko la polepole hulipita bila kuliona.

Katika picha kamili kila pikseli ina majirani wanne, na tofauti haziwezi kutimizwa zote kwa ukamilifu. Kompyuta hutafuta thamani zinazozikaribia zaidi huku ukingo ukibaki haubadiliki. Marekebisho yanayopatikana ni laini kama ngozi ya ngoma iliyowambwa juu ya mdomo usio na kimo kimoja. Kazi hiyo hufanywa mara tatu, kwa nyekundu, kijani na buluu. Katika maktaba ya OpenCV amri yake ni `cv2.seamlessClone`.

Kwa kuwa ukingo ndio unaoamua kila kitu, usikate kwa kubana jahazi. Ukikata kwenye ubao wenyewe, ubao utalazimishwa kufanana na maji, na jahazi litafifia. Acha maji kiasi pande zote, ili maji yakutane na maji. Hakikisha pia mstari wako haupiti juu ya kitu cha aina nyingine. Ukipita kwenye nguzo ya gati yenye mwangaza wa 20, marekebisho mahali hapo yatakuwa −130, na giza litapenya hadi kwenye tanga. Doa la namna hii utalitambua kwa sababu ni zito zaidi ukingoni na hupungua kuelekea ndani. Dawa yake ni kusogeza mstari.

Tatizo gumu zaidi linatokana na kutunza tofauti zilivyo. Ubavu uliopakwa lami, wenye 40 mchana, ukipunguziwa 82 unakuwa −42, ambayo haipo. Kompyuta huikata kuwa 0, na mbao zote zinageuka weusi mmoja usio na maungio. Isitoshe, mwanga halisi unapopungua, tofauti nazo hupungua kwa uwiano. Jahazi lililotunziwa tofauti za saa saba mchana huonekana kali mno kwenye jioni hafifu. Kwa kazi ya namna hii ni bora kuhesabu kwa logi za mwangaza, ili kinachotunzwa kiwe uwiano kati ya majirani. Lakini hata hivyo, kivuli cha tanga kitabaki kimeelekea upande uleule wa jua la mchana, maana hakuna tofauti ya pikseli inayojua jua liko wapi.