Kabla ya Kutia Sahihi: Mdhamini wa Mkopo wa Sacco Hubeba Mzigo Gani?

Katika afisi zetu za ushirika, mojawapo ya malalamiko tunayopokea mara kwa mara ni ya mwanachama aliyekwenda kuomba mkopo wake, akaambiwa kwamba sehemu ya akiba yake imezuiliwa, au imekwisha kukatwa, kwa sababu ya deni la mtu mwingine. Wengi husema, "Mimi nilimsaidia tu kujaza fomu." Makala haya yanaeleza sahihi hiyo humaanisha nini, hasa kwa wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, yaani Sacco.

Mdhamini ni nani?

Mdhamini ni mtu anayeahidi kwamba mkopaji akishindwa kulipa, yeye atalipa. Yeye si shahidi wa kuthibitisha kwamba anamfahamu mkopaji au kwamba mkopaji ana tabia njema. Ahadi yake ni ya pesa.

Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inasema kwamba mtu hawezi kushtakiwa kwa ahadi ya kulipa deni la mwingine isipokuwa ahadi hiyo iwe imeandikwa na kutiwa sahihi na yeye au na mtu aliyemwidhinisha kisheria. Kwa hivyo maneno ya mdomo pekee hayatoshi kukufunga. Lakini ukishatia sahihi, kusema kwamba hukusoma fomu hakutakuokoa. Sacco nyingi siku hizi hutuma ombi la udhamini kwa simu, na mwanachama hukubali kwa kubonyeza nambari yake ya siri. Lichukulie jambo hilo kwa uzito ule ule wa sahihi ya kalamu, na usimpe mtu yeyote nambari hiyo akubali kwa niaba yako.

Kinachowekwa rehani ni akiba yako

Katika Sacco nyingi, mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Akiba yake hulinda sehemu moja ya mkopo, na sehemu inayobaki hulindwa na akiba za wadhamini. Kuanzia siku mkopo unapotolewa, kiasi ulichodhamini huzuiliwa. Pesa bado ni zako na gawio lako huendelea kuhesabiwa, lakini huwezi kuzitoa, na zinaweza kupunguza kiasi utakachoweza kukopa wewe mwenyewe. Hata ukitaka kujiondoa katika chama, hutalipwa akiba hiyo mpaka mkopo umalizike au apatikane mdhamini mwingine ambaye Sacco imemkubali.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfanyakazi mwenye akiba ya Sh140,000 aliyekopa Sh400,000, alipe kwa miaka mitatu kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio. Akiba yake mwenyewe inalinda Sh140,000. Sh260,000 zilizobaki zimedhaminiwa na wenzake wanne, kila mmoja Sh65,000.

Mkopaji analipa vizuri kwa miezi 11 kupitia mshahara wake, kisha anaacha kazi. Makato yanakoma. Baada ya miezi michache ya kukumbushwa bila mafanikio, deni pamoja na riba limefika takriban Sh300,000.

Kwa kawaida Sacco huanza na akiba ya mkopaji mwenyewe. Ikiondolewa Sh140,000, deni linabaki Sh160,000. Hilo ndilo linalowaangukia wadhamini. Likigawanywa sawasawa, kila mmoja atakatwa Sh40,000. Mdhamini aliyekuwa na akiba ya Sh120,000 atabaki na Sh80,000.

Sasa tuseme mmoja wa wale wanne naye ameshindwa na mkopo wake, na akiba yake imekwisha. Ikiwa fomu inasema kwamba wadhamini wanawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake", Sacco inaweza kuwadai watatu waliobaki deni lote. Kila mmoja atakatwa zaidi ya Sh53,000 badala ya Sh40,000. Ikiwa fomu imetaja kikomo cha kila mdhamini, hapa Sh65,000, Sacco haiwezi kuvuka kikomo hicho. Ndiyo maana mambo mawili ya kutafuta kwenye fomu kabla ya kutia sahihi ni maneno hayo ya kuwajibika kwa pamoja, na kiasi kilichoandikwa kando ya jina lako. Ukikuta nafasi ya kiasi iko wazi, usitie sahihi mpaka ijazwe.

Mkopo wa benki unaweza kuwa mzito zaidi. Huko fomu inaweza kumfunga mdhamini kwa deni lote pamoja na riba na gharama za kulidai, na anaweza kudaiwa kupitia mali yake nyingine.

Dalili za mapema

Deni huongezeka kila mwezi usiolipwa, kwa hivyo mdhamini anayegundua mapema huumia kidogo. Dalili kubwa ni mkopaji kubadilisha kazi, kwa sababu makato hayamfuati kwa mwajiri mpya mpaka mipango mipya ifanywe. Ukisikia hivyo, nenda kwenye Sacco ukaulize hali ya mkopo uliodhamini. Uliza salio ni kiasi gani, malipo ya mwisho yaliingia lini, na ni miezi mingapi haijalipwa.

Ikiwa malipo yamesimama, iandikie Sacco barua, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Omba mkopaji aitwe pamoja na wadhamini wote kabla ya akiba kukatwa. Mara nyingi mkopaji aliyepunguziwa kipato anaweza kulipa kidogo kidogo iwapo muda wa mkopo utaongezwa. Lakini kumbuka kwamba muda ukiongezwa, udhamini wako nao hurefuka. Mabadiliko makubwa ya masharti ya mkopo yaliyofanywa bila idhini ya mdhamini yanaweza kumwondolea wajibu, isipokuwa kama fomu aliyotia sahihi ilikwisha kuruhusu mabadiliko hayo.

Ukishakatwa

Kulipa hakumfutii mkopaji deni. Sheria inampa mdhamini aliyelipa haki ya kumdai mkopaji kiasi chote alichotoa. Vilevile, aliyelipa zaidi ya fungu lake anaweza kuwadai wadhamini wenzake tofauti hiyo. Ili haki hiyo iwe na nguvu, omba Sacco ikupe barua inayoonyesha kiasi ulichokatwa, tarehe, na mkopo uliolipwa, pamoja na nakala ya fomu ya udhamini.

Ukiona umekatwa isivyofaa, kwa mfano akiba ya mkopaji haikuguswa kwanza kama masharti yanavyotaka, au umekatwa zaidi ya kikomo chako, anza kwa malalamiko ya maandishi kwa kamati ya Sacco. Usiporidhika, mwone afisa wa ushirika wa kaunti katika kaunti ndogo yako. Migogoro kuhusu shughuli za chama baina ya wanachama, au baina ya mwanachama na chama, hupelekwa mbele ya Baraza la Ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika. Njoo na fomu, taarifa ya akaunti na nakala za barua zako.

Na anayekuja kukuomba udhamini wiki hii, mwulize maswali matatu: anakopa kiasi gani, fungu lako ni kiasi gani, na atalipa kwa njia gani iwapo mshahara utakatika. Kisha jiulize kama unaweza kulipoteza fungu hilo. Ikiwa jibu ni hapana, una haki ya kukataa, na Sacco haiwezi kukulazimisha.